Kadi ya Mapishi Isomekayo kwa Mbali

Mapishi huandikwa na mtu aliyeketi, mwenye kalamu mkononi na nafasi ya kufikiri. Husomwa na mtu aliyeinama juu ya chano, mikono yake yote miwili imezama katika unga hadi kwenye vifundo, na jicho lake lina nukta mbili tu za kuinuka, kuuliza na kurudi kazini. Watu hawa wawili mara nyingi ni mtu mmoja, lakini yule mwandishi hamfikirii mpishi. Matokeo yake twayajua sote: daftari lenye kurasa zilizogandana kwa tui, au simu iliyozimika kioo wakati ule ule inapotakiwa. Kioo cha simu hakikitambui vyema kidole chenye mafuta wala chenye maji, hivyo mpishi hulazimika kunawa, kufuta, kugusa, kusoma, kisha kuanza tena. Na akikosa subira hukisia.

Katika ukurasa wetu wa juma hili twataka kuonesha jinsi ya kuandika kadi moja ya mapishi itakayosomeka ukutani, kwa mbali, pasipo kuguswa. Tumechagua mahamri kuwa mfano, kwa sababu mbili. Kwanza, ni pishi la mikono hasa. Kijiko hakina kazi mpaka mafuta yapate moto. Pili, ni pishi ambalo kosa dogo la kipimo huonekana baada ya saa moja na nusu, wakati kilo nzima ya unga imekwisha kuharibika na, ikiwa ni mwezi wa Ramadhani, adhana ya magharibi haiko mbali.

Tuanze na namna mapishi haya yanavyoandikwa katika madaftari mengi ya nyumbani:

"Unachukua unga wako kilo moja unatia sukari kikombe kimoja, hamira kijiko kimoja, na iliki uliyoisaga. Halafu unakanda kwa tui vikombe viwili mpaka unga ulainike. Kisha unaufunika unauacha saa 1 na nusu uumuke, halafu unafanya madonge manane unasukuma unakata vipande vinne vinne, unaviacha tena kidogo, kisha unakaanga."

Kwa mtu aliyeketi, maelezo haya hayana ila. Ni ya kweli, na anayejua kupika atayafuata. Lakini yabandike ukutani, simama hatua mbili nyuma, ujiulize: tui ni kiasi gani? Jicho litaanza mwanzo, lipite unga, lipite sukari, lipite hamira, ndipo lifike. Na likishafika, halitajua lilipotoka.

Jambo la kwanza ni ukubwa wa herufi, na hili lina hesabu yake. Madaktari wa macho hupima jicho kwa herufi ambazo, kwa mtu mwenye macho mazima, ndizo ndogo kabisa awezazo kuzitambua. Kwa umbali wa mita moja na nusu, ambao ni umbali wa kawaida kati ya meza ya jikoni na ukuta wa pili, herufi hiyo ni ya milimita 2 na kitu. Huo ni mwisho wa uwezo wa jicho, si mahali pa raha. Mtu anayetaka kusoma kwa kutupa jicho tu anahitaji herufi mara tatu ya hiyo, na zaidi. Kanuni rahisi ya kukumbuka ni hii: kwa kila mita moja ya umbali, herufi ndogo kama a au n iwe na urefu wa milimita 5. Kwa mita moja na nusu, basi, ni milimita 7 na nusu.

Asiye na rula asihangaike. Mistari ya madaftari mengi ya shule huachana kwa milimita 8 hivi. Herufi a ikijaza nafasi yote kati ya mstari na mstari, umefika. Mwandiko wetu wa kawaida wa daftari, ambao a yake haizidi milimita 2 au 3, uko pale pale kwenye mwisho wa uwezo wa jicho. Ndiyo maana mpishi hukunja uso na kusogea.

Hapa wakubwa wetu wana bahati wasiyoitarajia. Lenzi ya jicho hukakamaa kadiri umri unavyosonga, na baada ya miaka 40 hivi mtu huanza kushindwa kusoma kilicho karibu. Bibi ambaye hawezi kusoma daftari lililo mkononi bila miwani huweza kusoma kadi ya ukutani bila miwani, mradi herufi ziwe kubwa. Umbali ni rafiki yake. Na miwani jikoni, kwa mvuke wa sufuria na mikono yenye unga, ni mtihani mwingine.

Unene wa mstari wa kalamu nao una neno. Herufi kubwa iliyoandikwa kwa biro huonekana kama uzi. Yapotea kabla ya kufika machoni. Herufi ya milimita 7 na nusu yataka mstari wa karibu milimita moja, yaani kalamu ya wino mzito, nyeusi, juu ya karatasi nyeupe. Rangi za kupendeza tuziachie kadi za harusi. Manjano na samawati iliyopauka hufifia jioni, hasa taa ya jikoni ikiwa ndogo.

Sasa jambo la pili, na hapa ndipo kadi nyingi hushindwa. Ukitumia herufi za ukubwa huo katika karatasi ya kawaida ya kuchapia, iliyolazwa kwa upana wake wa sentimita 30, utapata mistari minane au tisa, na kila mstari maneno matano au sita. Basi. Mapishi yetu ya hapo juu hayaingii. Wengi wakifika hapa hupunguza herufi, na kazi yote inakuwa bure.

Dawa yake ni kuuliza, kwa kila kipimo na kila tendo: hili litaulizwa wakati mikono ikiwa katika hali gani? Unga, sukari, hamira na iliki hupimwa mikono ikiwa mikavu. Wakati huo mpishi aweza kuishika kadi, kuigeuza na kuisoma kwa karibu. Kwa hiyo vipimo hivyo vikae nyuma ya kadi, kwa herufi za kawaida, pamoja na orodha ya dukani na maelezo ya ziada. Mbele ya kadi paandikwe yale tu yatakayoulizwa baada ya mikono kuingia katika unga. Kadi ya mahamri, kwa kipimo hiki, inagawanyika yenyewe. Nyuma yake itakuwa hivi:

Unga wa ngano kilo 1
Sukari kikombe 1
Hamira kijiko cha mezani 1
Iliki ya unga kijiko cha chai 1
Tui zito vikombe 2, na robo kikombe kando
Mafuta ya kukaangia
Kikombe: kile cha kupimia, mililita 250
Changanya vikavu vyote kabla ya kugusa tui.

Na mbele yake hivi:

MAHAMRI
1 KANDA: tui vikombe 2, dakika 15
2 UMUA: dakika 90
3 GAWA: madonge 8
4 SUKUMA: unene nusu sentimita
5 KATA: kila donge pande 4
6 UMUA: dakika 20
7 KAANGA: kipande kielee upesi

Ni mistari minane pamoja na jina, na karatasi imetosha. Kati ya mstari na mstari paachwe nafasi isiyopungua urefu wa herufi yenyewe, ili jicho lisiteleze kutoka namba 3 hadi namba 4. Namba za hatua ziandikwe kubwa kuliko maneno, mbali kidogo na maneno, zote katika safu moja upande wa kushoto. Hizo ndizo vigingi vya jicho. Mpishi aliyetazama pembeni kumkanya mtoto hurudi kwenye namba, si kwenye neno.

Msomaji atakuwa ameona kwamba tumebadilisha vitenzi. Lugha yetu ina tabia yake: tukisimulia mapishi husema unatia, unakanda, unaacha, unasukuma, unakata, na maneno yote huanza kwa una-. Jicho linalotafuta haraka hushika mwanzo wa neno, na hapa mianzo yote ni sawa. Yabidi lisome hadi katikati ya kila neno ili kutofautisha. Ukiondoa kiambishi ukaacha amri tupu, kanda, umua, gawa, sukuma, kata, maneno mengi hutofautiana tangu herufi ya kwanza, ila kanda, kata na kaanga, zinazoachana kwenye herufi ya tatu, na sukuma na sukari ambazo, kwa bahati nzuri, ziko pande mbili za kadi. Halafu na kisha nazo hazina kazi pale penye namba.

Tena kuna mtego wa saa. Daftari letu liliandika "saa 1 na nusu". Katika Kiswahili maneno hayo yaweza kuwa muda wa kungoja, na yaweza kuwa wakati wa saa ya ukutani. Anayesoma maelezo kamili hutambua kwa maneno yaliyotangulia. Anayetupa jicho kutoka mbali huona saa, namba na nusu, na msaidizi aliyeingia jikoni baada ya alasiri akikuta "umua saa 1 na nusu" aweza kudhani kwamba donge laachwa mpaka saa moja na nusu ya usiku. Kwa hiyo katika kadi muda wote uandikwe kwa dakika. Dakika 90 haina maana mbili.

Visehemu navyo ni vya kuangaliwa. Moja na nusu ikiandikwa kwa tarakimu ndogo zenye mkwaju hufanana kwa mbali na kumi na moja juu ya mbili, au hugeuka doa. Andika neno: nusu, robo. Ni herufi nne tu, na halikosewi.

Kosa lililo ghali kuliko yote ni la kijiko. Daftari limesema "hamira kijiko kimoja", bila kusema kijiko kipi. Kijiko cha mezani hubeba mililita 15, cha chai 5. Tofauti ni mara tatu. Aliyetia cha chai atakuta dakika 90 zimepita na donge halijafika hata nusu ya kimo kilichotarajiwa. Huyo hajapotea: aufunike, aungoje, ingawa futari haitamngoja. Aliyetia vijiko vitatu vya mezani, donge lake litapanda upesi na kunukia uchachu, kisha litanywea likiguswa, na mahamri yake yatabaki na ladha ya hamira hata iliki ikizidishwa. Kwa hiyo neno cha mezani au cha chai liandikwe zima kila mara. Ufupisho wa herufi mbili tatu, ambao mwandishi auelewa leo, baada ya mwaka hata yeye hataukumbuka.

Kikombe nacho ni vivyo hivyo. Vikombe vya chai vya nyumba moja havilingani. Kipo cha mililita 180 na ipo magi ya zaidi ya 300. Vikombe viwili vya magi hiyo ni tui la ziada la zaidi ya mililita 100, na donge litagandama viganjani badala ya kuachana navyo. Hapo mpishi huongeza unga mkavu, na mahamri yakatoka magumu. Ndiyo sababu tumekitaja kikombe chenyewe nyuma ya kadi, na ndiyo sababu robo ya tui imewekwa kando: unga wa ngano haunywi tui kwa kiasi kimoja kila mfuko, na tui zito la nazi iliyokomaa si sawa na lile lililolegea. Robo hiyo hutiwa tu ikiwa, baada ya dakika tano za kukanda, donge bado linapasuka pembezoni.

Hatua ya saba haina kipimo cha joto kwa sababu jikoni kwetu wengi hatuna kipimajoto. Kipande kidogo cha donge kikitupwa katika mafuta, kikazama na kutulia chini, mafuta bado. Kikiibuka mara moja kimezungukwa na mapovu, ni wakati wake. Kikigeuka rangi ya kahawia kabla hujahesabu kumi, teremsha moto. Mahamri yataiva nje na kubaki mabichi ndani. Maelezo haya yote hayawezi kukaa mbele ya kadi, na hayana haja. "Kipande kielee upesi" yatosha kumkumbusha anayejua, na mengine yaandikwe nyuma.

Kuhusu hao wanaotenga orodha ya vitu juu na maelezo ya kupika chini, kama vitabu vingi vifanyavyo, hatuwalaumu. Mpangilio huo ni mzuri kwa kwenda dukani. Jikoni humfanya mtu asome "tia tui" chini kisha apande juu kutafuta ni tui kiasi gani. Mwandishi wa Kimarekani Irma Rombauer, aliyetoa kitabu chake cha kwanza cha mapishi kwa gharama zake mwenyewe mwaka 1931, alijulikana baadaye kwa kuvipachika vipimo ndani ya hatua, kila kimoja pale kinapotumika. Kadi yetu imefuata njia hiyo: tui na kipimo chake viko katika mstari mmoja na kukanda.

Yabaki suala la mahali. Kadi isitundikwe juu ya jiko. Mafuta huirukia, mvuke huilegeza, na karatasi karibu na moto haina amani. Itundikwe ukuta ambao mpishi anautazama anapokanda, usawa wa macho yake. Hapa pana jambo ambalo wasomaji wa miji ya mbali huenda wasilifikirie: wengi wetu hatukandi tukiwa tumesimama. Tumeketi juu ya kibago, chano kikiwa sakafuni au magotini, na macho yetu yako chini zaidi kwa zaidi ya nusu mita. Kadi iliyotundikwa kwa ajili ya mtu aliyesimama humlazimu aliyeketi kuinua shingo. Misumari miwili, mmoja juu na mmoja chini, huondoa udhia huo kwa gharama ya shilingi chache.

Kadi ikifunikwa plastiki kwa mashine, kazi ifanywayo katika maduka ya kutolea nakala, hufutika kwa kitambaa na kudumu miaka. Lakini mwambie fundi asikate plastiki pale pale penye ukingo wa karatasi. Aache ukingo wa nusu sentimita pande zote, la sivyo unyevu wa pwani yetu huingia na karatasi huvimba. Plastiki inayong'aa huleta dirisha zima ndani ya kadi: ukiketi mahali pako ukaona mwanga badala ya maneno, isogeze kadi au uinamishe kidogo sehemu yake ya juu kuelekea kwako. Na ukibandika karatasi tupu kwa vidole vyenye sukari, sisimizi wataisoma kabla yako.

Kibanio cha nguo ubavuni mwa kadi hukamilisha kazi. Baada ya kukanda mpishi hunawa ili kufunika donge; hapo hukisogeza kibanio hadi namba 2. Baada ya kuumua hukisogeza hadi 3. Anayeingia jikoni badala yake, akiwa ameitwa mlangoni au mtoto amelia, huona palipofikiwa bila kuuliza.

Kabla ya kuipeleka kadi dukani ijaribiwe na mtu mwingine, si aliyeiandika, kwa sababu mwandishi husoma kichwani mwake. Aketi msichana wa miaka kumi na miwili penye kibago, kadi ikiwa mahali pake, jioni, taa ikiwa ile ile ya kila siku. Afumbe macho. Aulizwe "Tui kiasi gani?", afumbue, ajibu. Kisha "Madonge mangapi?" na "Kuumua mara ya pili ni dakika ngapi?" Swali hili la mwisho ndilo gumu, kwa kuwa UMUA imo mara mbili. Akijibu 90, ongeza neno TENA kwenye mstari wa sita. Akisogeza kichwa mbele kabla ya kujibu, herufi ni ndogo, hata kama jibu lake ni sahihi.

Si kila pishi litakubali kadi moja. Biriani, lenye nyama katika sufuria moja, wali katika nyingine na vitunguu vya kukaanga katika ya tatu, halitaingia katika mistari minane. Lahitaji kadi tatu zilizopangwa sambamba, moja kwa kila sufuria, na mstari wa mwisho wa kila moja ukisema ni wakati gani hukutana na nyingine. Kaimati nazo hutegemea uzito wa ujiuji unaojulikana kwa mkono tu, unavyodondoka kati ya kidole gumba na cha shahada, na hilo bado hatujaona aliyeweza kuliandika kwa maneno matano.